Kuuza opsheni za kununua juu ya hisa ulizokaa nazo miaka mingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu soko la Marekani, ambako opsheni za hisa zimekuwa zikiuzwa katika soko rasmi tangu Aprili 1973, Chicago ilipofungua soko la kwanza la aina hiyo. Mfano ninaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa hisa za Coca-Cola, ambazo kwenye skrini huonekana kwa herufi KO. Tumchukue mtu mwenye hisa 300 alizonunua mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya kampuni kugawanya kila hisa kuwa mbili, kwa wastani wa dola 38 kila moja. Bei ya hisa ya dola 70 na bei za opsheni ninazozitaja ni za mfano, ingawa nimezipanga zifanane na zile ambazo hisa tulivu kama hii huwa nazo.

Anayeuza opsheni ya kununua kwa dhamana ya hisa zake anauza nini hasa?

Anauza haki. Mnunuzi wa opsheni anamlipa ada leo, na kwa ada hiyo anapata haki ya kuzinunua hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, siku yoyote hadi siku ya ukomo. Haki ni ya mnunuzi peke yake, na muuzaji amebaki na wajibu. Kwa kuwa muuzaji tayari anazo hisa 100 kwa kila mkataba, hisa hizo ndizo dhamana yake, na hatalazimika kuzitafuta sokoni kwa bei yoyote iliyopo siku atakapodaiwa.

Ada ni yake liwe liwalo. Alichokitoa badala yake ni faida yote iliyo juu ya bei ya mkataba, huku hasara ya hisa kushuka ikibaki kwake karibu yote. Watu wengi husema kwamba ada hii ni kama kodi ya nyumba anayoipokea mwenye nyumba. Mimi siupendi ulinganisho huo, kwa sababu mpangaji hana haki ya kuinunua nyumba yako kwa bei mliyoandikiana, na mnunuzi wa opsheni anayo.

Je, niuze mikataba juu ya hisa zangu zote?

Kwa hisa ulizokaa nazo miaka mingi, ushauri wangu ni hapana. Mwenye hisa wetu ana hisa 300, kwa hiyo anaweza kuuza mikataba 3, lakini tumpe mikataba 2 tu na hisa 100 zibaki huru. Hisa zilizobaki huru humpunguzia mtu hofu bei inapopanda ghafla. Asiye na hisa huru hata moja ndiye anayekimbilia kununua tena mikataba yake kwa bei mbaya zaidi, kwa kuogopa kuachwa nyuma.

Bei ya mkataba ichaguliwe vipi?

Hapa ndipo utaratibu mzima unaposimama au kuanguka. Tuseme hisa iko dola 70 na zimebaki siku 45 hadi siku ya ukomo. Mkataba wa bei ya 70 unalipa ada ya dola 1.40 kwa kila hisa, ule wa 72.50 unalipa dola 0.60, na ule wa 75 unalipa dola 0.18. Anayeanza huvutwa na ada kubwa, na akipiga hesabu ya mwaka mzima huona kwamba 1.40 kila siku 45 ni zaidi ya dola 11 kwa mwaka. Hesabu hiyo haitimii, kwa sababu mkataba wa bei iliyo sawa na bei ya sasa huitishwa, yaani mnunuzi huitumia haki yake na kuzidai hisa, karibu nusu ya nyakati zote, na kila ukiitishwa hisa zimekwenda.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe ada ni kiasi gani. Jiulize ni bei gani ambayo ungeuza hisa hizi kwa hiari yako, baada ya kulipa kodi, bila kujuta mwezi unaofuata. Tufanye hesabu hiyo kwa mwenye hisa wetu, tukichukulia kwamba analipa kodi ya serikali kuu ya Marekani ya asilimia 15 kwa faida ya muda mrefu. Akiitishwa kwa 72.50, ada ya 0.60 inaongezwa kwenye bei ya mauzo, kwa hiyo kikodi ameuza kwa 73.10. Faida yake juu ya 38 ni dola 35.10, kodi yake ni takriban dola 5.27, na mkononi anabakiwa na karibu dola 67.83. Kwa hisa 200, kodi hiyo ni dola 1,053, ilhali ada aliyoipokea ni dola 120. Hata akichagua 75, baada ya kodi anabakiwa na takriban dola 69.60, ambazo bado hazifiki bei ambayo hisa ilikuwa nayo siku aliyouza opsheni.

Ni kweli kwamba kodi hiyo haifutiki kwa kuendelea kuzishika hisa, kwani inaahirishwa tu. Lakini kuahirisha kuna thamani, na kwa mwenye umri mkubwa kuna jambo zaidi: chini ya sheria ya Marekani, warithi kwa kawaida huhesabiwa kuwa walizipata hisa kwa bei ya siku ya kifo, na faida ya miaka yote ya nyuma haitozwi kodi ya mapato. Mtu aliyekusudia kuwaachia watoto hisa zake anaweza kuupoteza mpango huo wote kwa ada ya dola 120.

Kutokana na hesabu hiyo, naona kwamba kadiri bei uliyonunulia ilivyo chini, ndivyo bei ya mkataba inavyopaswa kwenda juu. Na ikiwa mkataba wa juu unalipa kidogo mno, kama hizi dola 0.18 ambazo kwa mikataba 2 ni dola 36 kabla ya ada ya dalali, basi jibu sahihi mwezi huo ni kutouza chochote. Utaratibu mzuri una miezi mitupu. Kuishusha bei ya mkataba ili ada ionekane ya maana ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Mwenye hisa wetu, hata hivyo, alichagua 72.50. Alikuwa ameamua tangu mwanzo kwamba hisa 200 kati ya 300 anaweza kuachana nazo, na kodi yake alikuwa ameihesabu. Tutamfuata.

Delta inayoonyeshwa kwenye skrini ina maana gani kwangu?

Delta huonyesha bei ya opsheni itasogea kiasi gani hisa ikisogea dola moja, lakini wauzaji wengi huitumia kama makisio ya uwezekano wa hisa kumalizia juu ya bei ya mkataba. Katika mfano wetu mkataba wa 72.50 ungekuwa na delta ya karibu 0.26, na ule wa 75 karibu 0.10. Kwa hisa zenye faida kubwa iliyolala ndani yake, ningekaa kati ya 0.10 na 0.20. Kumbuka tu kwamba 0.10 haina maana ya kutokuitishwa kamwe. Ukirudia mara 8 kwa mwaka, jambo linalotokea mara 1 kati ya 10 si geni tena.

Muda gani unafaa, na je, matangazo ya mapato ya kampuni yana athari?

Siku 30 hadi 45 ni muda ambao wengi huupenda, kwa kuwa opsheni ambayo bei yake ya mkataba iko juu ya bei ya hisa hupoteza katika kipindi hicho sehemu kubwa ya thamani yake ya muda, yaani ile inayolipiwa kwa ajili ya siku zilizobaki. Mikataba ya wiki moja huonekana kulipa vizuri ukiizidisha kwa mwaka, lakini hukulazimisha kuamua kila Ijumaa, na ada za dalali hujirudia. Coca-Cola hutangaza matokeo yake mwezi Februari, Aprili, Julai na Oktoba. Ada ya mkataba unaopita juu ya tarehe hiyo huwa nono zaidi kwa sababu soko linatazamia mruko, kwa hiyo unono huo usiuchukue kama zawadi. Mimi husubiri tangazo lipite ndipo niuze.

Baada ya kuuza, nikae nikisubiri siku ya ukomo?

Si lazima. Mara tu agizo la kuuza, ambalo kwenye skrini huandikwa `Sell to Open`, linapotekelezwa, weka agizo la kuununua tena mkataba huo na kuufunga, yaani `Buy to Close`, kwa bei ya takriban moja ya tano ya ada uliyopokea, nalo lidumu hadi litekelezwe au ulifute. Kwa mfano wetu hiyo ni dola 0.12. Ukiufunga mkataba kwa senti 12 huku zimebaki wiki 3, umekwishapata sehemu kubwa ya ada, na umejiondolea wajibu ambao kwa wiki 3 zilizobaki ungekulipa senti 12 tu.

Kuitishwa hisa hutokea vipi, na nitajuaje?

Opsheni za hisa moja moja nchini Marekani zinaweza kutekelezwa siku yoyote ya kazi kabla ya ukomo. Mwenye opsheni akiamua kuitekeleza, taarifa hupitia kwa dalali wake hadi shirika la OCC, ambalo husimama kati ya wauzaji na wanunuzi wote. OCC humchagua kwa bahati nasibu dalali ambaye wateja wake wameuza mkataba wa aina hiyo, kisha dalali huyo humchagua mteja, ama kwa bahati nasibu ama kwa utaratibu mwingine wa haki aliojiwekea. Wewe hupati onyo lolote. Taarifa hukufikia usiku au asubuhi, hisa zikiwa zimekwisha kuondoka na fedha zikiwa zimeingia, na malipo hukamilika siku moja ya kazi baada ya utekelezaji.

Siku ya ukomo ina kanuni yake. Opsheni iliyomaliza hata senti moja upande wa faida ya mwenye nayo hutekelezwa yenyewe, isipokuwa mwenyewe aseme hapana. Soko hufungwa saa 10 jioni kwa saa za New York, lakini mwenye opsheni anao muda hadi saa 11 na nusu kuamua. Kwa hiyo hisa iliyofunga kwenye 72.45 inaweza kuitishwa kwa 72.50 ikiwa habari njema zimetoka saa 11 kasoro. Kama hutaki kabisa kuitishwa na bei iko karibu na bei ya mkataba, ununue mkataba wako kabla ya kengele ya mwisho, hata kwa senti chache.

Kwa nini niliitishwa hisa wiki nzima kabla ya ukomo?

Karibu kila mara sababu ni gawio. Kuna siku ambayo, kuanzia hapo, anayenunua hisa hapati gawio la robo mwaka linalofuata. Tuiite siku ya kukatika gawio. Mwenye opsheni hapati gawio, ila akiitekeleza jioni ya siku iliyotangulia anakuwa mwenye hisa kwa wakati, na gawio linakuwa lake. Atafanya hivyo ikiwa gawio lina thamani kuliko kile anachokitupa kwa kutekeleza mapema.

Turudi kwa mwenye hisa wetu. Hisa imepanda hadi 74.00, zimebaki siku 8 hadi ukomo, na kesho ni siku ya kukatika gawio la dola 0.51, ambalo ndilo Coca-Cola ililipa kila robo ya mwaka 2025. Mkataba wa 72.50 unauzwa kwa 1.55. Kati ya hizo, 1.50 ni tofauti tupu kati ya 74.00 na 72.50, na thamani ya muda iliyobaki ni senti 5. Ukitaka kipimo kizuri zaidi, tazama opsheni ya kuuza, yaani ile inayompa mwenye nayo haki ya kuuza hisa badala ya kuzinunua, yenye bei na ukomo uleule. Kwa mfano wetu ingekuwa karibu dola 0.27. Gawio la 0.51 likiwa kubwa kuliko bei ya opsheni hiyo ya kuuza, chukulia kwamba utaitishwa usiku huohuo. Wapo wenye opsheni wanaosahau, na muuzaji huweza kuponea hapo, lakini utaratibu usijengwe juu ya usahaulifu wa mtu mwingine.

Mimi niliwahi kuamka nikakuta hisa zangu hazipo na gawio limekwenda nazo, kwa sababu niliangalia siku ya ukomo na sikuangalia kalenda ya magawio. Tangu hapo, kabla ya kuuza mkataba wowote huandika tarehe mbili kwenye daftari: siku ya ukomo, na siku moja kabla ya gawio kukatika. Hiyo ya pili naiona muhimu zaidi.

Katika hali hiyo, nifanye nini siku moja kabla ya gawio kukatika?

Njia ni tatu. Unaweza kukubali kuitishwa, na ikiwa 72.50 ilikuwa kweli bei uliyoridhika nayo, hakuna lililoharibika. Unaweza kuununua mkataba kwa 1.55 na kubaki na hisa zako huru, ukiwa umepoteza senti 95 kwenye opsheni baada ya kutoa ada ya 0.60. Au unaweza kuuhamisha: unaununua huu kwa 1.55, na papo hapo unauza wa bei ya 75 wenye ukomo wa wiki 6 mbele, ambao kwa hali hii ungelipa takriban 0.95.

Hesabu ya kuhamisha ni hii: 0.60 iliyoingia, 1.55 iliyotoka, 0.95 iliyoingia tena. Jumla ni sifuri. Kwa hiyo muuzaji huyu hajapata ada yoyote kutoka kwenye opsheni, lakini hisa anazo, gawio la senti 51 ni lake, na bei ya mkataba imepanda kwa dola 2.50. Nayaona kuwa matokeo mazuri kwa mtu mwenye kodi ya dola 5 kwa kila hisa inayomsubiri. Agizo la kuhamisha lipelekwe kama agizo moja lenye sehemu mbili, ili usijikute umetekelezewa upande mmoja tu.

Je, naweza kuhamisha bila kikomo?

Hapana, na hapa wengi hujidanganya. Hisa ikipanda mbali juu ya bei ya mkataba, kwa mfano ikifika 82 ukiwa bado umeuza 75, mkataba wa mwezi ujao wa bei ya juu zaidi utalipa pungufu sana ya gharama ya kuufunga ulio nao. Utaanza ama kutoa fedha mfukoni kila mwezi, ama kusogeza ukomo hadi mwaka mzima mbele ili tu hesabu isionekane hasi. Jiwekee kanuni kabla: kwa mfano, nitahamisha mara 2 tu, kwa muda usiozidi siku 60, na kamwe sitalipa zaidi ya nusu ya kiasi ambacho bei ya mkataba inapanda. Kanuni hizo zikishindikana, chagua kati ya kuachia hisa na kununua mkataba kwa hasara. Kununua kwa hasara kunauma, lakini hisa nazo zimepanda kwa kiasi kikubwa zaidi.

Hisa ikishuka, si ndipo ada inaponisaidia?

Inasaidia kidogo, na hatari iko baada ya hapo. Mwezi Februari 2020 hisa ya Coca-Cola ilikuwa karibu dola 60, na kufikia tarehe 23 Machi ilikuwa imefunga chini ya dola 38. Ada ya senti 60 haionekani mbele ya mshuko wa dola 22. Wakati huohuo, kwa kuwa soko lilikuwa limejaa hofu, ada za mikataba ya bei ya 40 au 42.50 zilikuwa nene kuliko kawaida, na zilimwita kila mwenye hisa aliyetaka kufidia hasara yake. Hisa ilimaliza mwaka huo ikiwa karibu dola 55. Aliyeuza haki ya kununua hisa zake kwa 40 wakati ule alijifungia chini ya ngazi.

Kanuni ninayoishika ni kwamba hisa ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi kutoka bei iliyokuwa nayo siku nilipouza mkataba wa mwisho, naufunga mkataba kwa senti chache na siuzi mwingine hadi nipate bei ya mkataba inayolingana na ile niliyokwisha kuridhika nayo.

Nikiitishwa, je, lazima nitoe hisa zile za zamani?

Si lazima ziwe zilezile. Unaweza kununua hisa mpya sokoni siku hiyohiyo na kumwagiza dalali kwa maandishi, kabla malipo hayajakamilika, kwamba hizo mpya ndizo zitakazotolewa. Usipoagiza, madalali wengi hutoa kwanza hisa zilizonunuliwa mapema zaidi, yaani hasa zile zenye kodi kubwa. Hasara utakayoipata kwenye hisa mpya huenda isikubalike kikodi mara moja, kwa sababu sheria ya Marekani ina masharti juu ya nafasi zinazokingana na juu ya kununua tena ndani ya siku 30, hivyo mhasibu wa kodi aulizwe kabla. Kwa kawaida kuununua mkataba mapema ni rahisi zaidi.

Ninaishi Nairobi au Dar es Salaam na hisa zangu ziko kwa dalali wa Marekani. Je, haya yananihusu?

Ya bei, gawio na kuitishwa yanakuhusu yote. Ya kodi hubadilika: asiye mkazi wa Marekani kwa kawaida hatozwi na Marekani kodi ya faida ya kuuza hisa, lakini gawio lake hukatwa asilimia 30, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Hivyo gawio la senti 51 linakufikia kama senti 36 hivi, na kulilinda kwa kuhamisha mkataba kuna faida ndogo kwako kuliko kwa mkazi. Kodi ya nchi unakoishi iulize kwa mhasibu wa huko.

Nitajuaje kama utaratibu wangu unafaa?

Usijumlishe ada peke yake. Kwenye daftari weka safu mbili: thamani ya hisa 300, magawio na ada zote kwa upande mmoja, ukitoa gharama za kufunga mikataba na kodi uliyolipa, na kwa upande wa pili, thamani ya hisa hizohizo 300 na magawio yake kama usingeuza opsheni hata moja. Ulinganishe kila Desemba. Mwaka ambao hisa ilipanda sana, safu ya pili itashinda, na hilo lilitarajiwa. Lakini ikiwa safu ya pili inashinda pia katika miaka ambayo hisa ilitulia, bei zako za mkataba ziko chini mno au unahamisha mara nyingi mno, na tarehe ulizoziandika zitakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.